Wa Kati Hayuko

Mimi sikuzaliwa na subira. Mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiuliza mbona wamechelewa. Sasa mtu wa namna hiyo, mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, idara ya kemia, ukimpa mshirika anayefanya kila kitu pole pole huku akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani, unatafuta nini kama si ugomvi? Ndivyo tulivyopangwa, mimi na huyu ninayemwita Mwenzangu. Meza yetu ya maabara ilikuwa moja, mradi mmoja, na dirisha moja lililotazama paa za katikati ya mji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wasichana darasani tulikuwa wachache, na kila mtu alifikiri nimekuja kuosha chupa. Mimi nilitoka kwetu mtaa wa Woodley, ambako baba, mfanyakazi wa serikali, alikuwa amepata nyumba ya baraza la mji, nasi Wakamba tukawa tunapanda maharagwe mahali Mzungu aliyetutangulia alipopanda maua ya waridi. Mwenzangu alitoka magharibi, mtoto wa mhubiri, na alikuwa amepanga chumba huko Kabiria, wakati ule Kabiria ikiwa bado mashamba na matope. Alifika maabara viatu vikiwa na udongo mwekundu, anavifuta na karatasi ya grafu. Karatasi yangu ya grafu!

Kicheko chake kilijaza chumba, lakini kitu kimoja hakukichekea. Alikuwa anarudia mwaka. Mara ya kwanza aliugua wakati wa mitihani akaanguka karatasi mbili, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayerudia akianguka tena, anafungasha. Karatasi alikuwa amezifanya vizuri safari hii. Uliobaki ni mradi, pamoja na kuhojiwa mbele ya mtahini mgeni ambaye angekuja kutoka chuo kingine. Mradi ukikataliwa, basi, kwaheri ya kuonana.

Mradi wenyewe tulipewa na mwalimu wetu, kijana aliyerudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari na koti zito la baridi ambalo hakulivua hata Januari. Sote tulimwita Daktari. Alituita mezani kwake akatuonyesha chupa ya kimiminika kisicho na rangi.

"Molekuli ya hiki kitu ina ncha mbili," alisema. "Kila ncha imeshika kipande cha siki. Mkiiweka kwenye maji mengi yenye asidi kali kidogo, maji yatakata ncha moja, siki itoke. Halafu yatakata ya pili. Kwa hiyo mtakuwa na nani na nani?"

"Mwenye ncha mbili zote," nikasema haraka, "halafu mwenye moja, halafu asiye na kitu."

"Namtaka huyo wa kati. Anazaliwa kutoka kwa wa kwanza, na wakati huo huo anakufa kuwa wa tatu. Niambieni anafika kilele lini, na akifika anakuwa kiasi gani. Msiniletee hadithi."

Kazi ilikuwa hivi. Mchanganyiko ulikaa ndani ya beseni la maji yenye joto lisilobadilika. Kila baada ya muda tulichota kidogo, tukaipoza kwa barafu, tukaidondoshea alkali kutoka kwenye bureti, lile bomba la kioo lenye koki, mpaka rangi ya waridi itokee na isipotee. Hapo tulijua siki iliyotoka ni kiasi gani. Mimi nilikuwa nikifungua bureti kama mfereji wa bomba, rangi inaruka kutoka nyeupe hadi nyekundu kali, kazi imeharibika. Mwenzangu akanifukuza kwenye bureti.

"Dada, wewe piga hesabu. Hii kitu inataka mtu hana haraka."

"Ati mtu hana haraka! Sema mtu amelala!"

"Sawa, basi wacha mtu amelala afanye."

Akafanya, haki ya Mungu, vizuri sana. Tone kwa tone, mluzi chini kwa chini. Mimi nilichukua kitabu cha logi, yale majedwali ya hesabu, nikatafuta logi ya siki iliyokuwa bado haijatoka, naye akaichora kufuata muda. Tulipomaliza, vitone vyote vilikaa juu ya mstari mmoja ulionyooka kutoka pembe hadi pembe. Sijawahi kuona mstari kama ule. Aliutundika ukutani juu ya meza yetu, akawa anawaita watu wa meza nyingine waje wautazame kama mtoto aliyezaliwa.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Maana mtu yeyote aliyesoma kemia atakwambia kwamba mstari wa logi ukinyooka hivyo, mbele yako kuna mwendo mmoja tu wenye kasi moja. Kukiwa na hatua mbili zinazofuatana, kila moja na kasi yake, kwa kawaida mstari hupinda. Mwenzangu akasimama mbele ya mstari wake, mikono kiunoni.

"Wa kati hayuko," akasema.

"Hayuko vipi?"

"Hayuko. Ncha zote mbili zinakatika mara moja, pa! Angekuwako, mstari ungepinda. Umepinda?"

"Kichwa chako ndicho kimepinda! Maji yanakata ncha mbili kwa pamoja, yana panga?"

"Mimi naandika tu kile naona, dada."

Na akaandika, kweli, kwenye rasimu ya ripoti: hakuna wa kati. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Si kwa sababu ya kemia peke yake. Mimi nikianguka mradi, nilikuwa na alama za kutosha kunibeba. Yeye hakuwa na kitu cha kumbeba. Nilimwona akijichimbia shimo huku anapiga mluzi, nami nilikuwa nimeshaanza, sijui tangu lini, kumhesabu kama mtu wangu. Sikumwambia. Nilimwambia ni mjinga.

Tukakubaliana kumtafuta wa kati mwenyewe kwa macho. Idara ilikuwa na mashine moja iliyotenganisha vitu kwa kuvipitisha kama mvuke ndani ya bomba refu jembamba. Kila kitu kilitoka kwa wakati wake, na kalamu ikachora kilima chake kwenye karatasi. Kitu kikiwa kingi, kilima kikubwa. Tuliomba nafasi, tukapewa asubuhi. Mchanganyiko tuliuacha ndani ya beseni usiku kucha uive vizuri, ndivyo mimi mwenyewe nilivyosema, "uive", tukachota sampuli tukaingiza. Kalamu ikachora kilima cha yule wa tatu, asiye na kitu. Mahali pa wa kati palikuwa bapa kama meza.

"Unaona?" Mwenzangu akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi kuliko kama angenicheka. "Hayuko."

Daktari alikuwa anapita na koti lake. Akatazama karatasi, akatazama mstari ukutani, akatutazama sisi.

"Mlimtafuta saa ngapi?" akauliza, akaenda zake. Ala! Mtu anapewa mshahara kwa kuuliza maswali na kukimbia?

Jumamosi hiyo Mwenzangu alikuja kwetu Woodley tumalizie hesabu. Mama alimpenda tangu alipoingia, kwa sababu alikula. Mama alikuwa mwalimu mstaafu, aliyefundisha ushonaji miaka mingi katika shule ya wasichana kule Ukambani, zile shule zilizoitwa intamidieti, za darasa la tano hadi la nane, zilizofutwa baada ya Uhuru. Sisi tulikuwa mezani tunagombana, na wa kati tulimwita kwa lile neno la Kizungu la kitabuni: intamidieti haiko, intamidieti iko, umeipata wapi, sijaipata.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyinyi mnatafuta intamidieti? Mtaipata wapi? Si zilifungwa zamani! Mngekuja nikiwa huko, mwaka ule imejaa mpaka wasichana wanalala wawili wawili."

Tukacheka, Mwenzangu mpaka akakohoa. Halafu mimi nikamgeukia mama.

"Mama," nikasema, "ilijaa mwaka gani? Mwanzoni?"

"Mwanzoni itajaaje, mwanangu? Mwanzoni kuna darasa la tano peke yake. Ilijaa wakati wale wa darasa la tano wanaoingia wamekuwa sawa na wale wa darasa la nane wanaotoka. Kabla ya hapo wanaoingia ni wengi, inaongezeka. Baadaye shule za chini zikawa hazina watoto wa kutuletea, wanaotoka wakawa wengi, ikaanza kupungua."

"Na ukienda sasa?"

"Sasa ni ghala la mahindi."

Nikapiga meza, chai ikamwagika. "Tulienda kuitafuta ikiwa ghala la mahindi! Asubuhi! Baada ya usiku mzima!" Mimi ndiye niliyesema uive, kana kwamba wa kati ni githeri ya mahindi na maharagwe, kadiri unavyoikalisha motoni ndivyo inavyokuwa tamu. Wa kati hangojei. Anajaa wakati wa kwanza bado yupo, tena yupo wa kutosha kumlisha. Ukisubiri wa kwanza aishe ndipo uanze kutafuta, umeshachelewa, wa kati naye ameshageuka. Nilimweleza Mwenzangu haya yote kwa pumzi moja, nimesimama. Yeye aliendelea kufuta chai kwenye karatasi zake.

"Lakini mstari haujapinda," akasema.

"Nitakuua!"

"Wewe," mama akamwambia, "mwanangu huyu usimjali, kula."

Jumatatu tulianza upya. Tulichota mapema, tukachota tena na tena, kila sampuli tukaiweka kwenye barafu na kuizimua ile asidi ili mwendo usimame, kabla ya kuipeleka kwenye mashine. Kwenye sampuli ya kwanza, kilima cha wa kati kilikuwa kichuguu tu. Ya pili kikapanda. Ya tatu kikapanda tena. Kalamu ilipofika mahali pake mimi nilikuwa nimeshika mkono wa koti la maabara la Mwenzangu bila kujua. Kikafika juu, halafu kwenye sampuli zilizofuata kikaanza kushuka, polepole kuliko kilivyopanda, huku kilima cha wa tatu kikijengeka. Tulilinganisha na vitu safi vya stoo ili tujue kila kilima ni kiasi gani hasa. Pale kileleni, wa kwanza alikuwa amebaki kama robo. Wa kati alikuwa nusu. Wa tatu robo.

Mwenzangu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Yuko," akasema. "Kumbe yuko, maskini." Akacheka, akanipa mkono kama mwenyekiti wa harambee.

Alifuta ukurasa wake wa "hakuna wa kati". Lakini mstari alikataa kuutoa. Aliuweka kwenye ripoti, mstari upande mmoja wa ukurasa na vilima upande wa pili, na chini yake akaandika kwamba vyote viwili ni kweli na kwamba sababu hatujaijua. Nilimsihi. Nikamwambia mtahini ataupenya ufa huo kama panya. Yeye akasema mstari aliuchora kwa mkono wake, tone kwa tone, hauwezi kuwa uongo, na yeye hafichi kitu cha kweli ili apite mtihani. Nikamwambia kiburi chake kitamrudisha kwao. Akaacha kupiga mluzi siku mbili nzima.

Siku ya kuhojiwa tuliingia pamoja. Mtahini mgeni alikuwa mzee mwembamba, mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. Daktari alikaa pembeni, koti limefungwa vifungo vyote. Mimi niliulizwa kwanza, nikajibu kabla maswali hayajaisha, mzee akatabasamu. Halafu akageukia ripoti, akafungua ukurasa ule.

"Vilima vinasema hatua mbili," akamwambia Mwenzangu. "Mstari unasema moja. Nani anadanganya?"

Ningekuwa na jibu ningelipiga kelele, wanifukuze tu. Mwenzangu alisimama, akaenda ubaoni, akachukua chaki, akakaa amesimama hivyo. Nilimwona kisogo. Muda ukaenda. Mzee akatazama saa. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi, natamani kumsukuma, natamani kulia, nawaza nitamtupa mtahini kupitia dirisha gani. Halafu nikausikia, chini kwa chini, ule mluzi. Anapiga mluzi mbele ya mtahini! Daktari akafumba macho.

"Hakuna anayedanganya," Mwenzangu akasema, bado ametazama ubao. "Mimi nilipima siki. Siki inatoka kwenye ncha. Ncha ikikatika, siki haisemi imetoka kwa nani, kwa mwenye mbili ama kwa mwenye moja. Na kama kila ncha inakatika kwa kasi yake ileile, iwe mwenzake yuko ama ameenda, basi ncha zote ziko namna moja. Mstari lazima unyooke. Nilikuwa nahesabu ncha. Sikuwa nahesabu molekuli."

"Endelea," mzee akasema. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Wa kwanza ana ncha mbili, yoyote inaweza kwenda. Kwa hiyo kasi yake ya kugeuka ni mara mbili ya wa kati, ambaye amebaki na moja." Chaki ikaanza kukimbia, mtu amelala ameamka. "Kilele ni pale wanaoingia wanalingana na wanaotoka. Kama kasi ya kuingia ni mara mbili, lazima wa kati awe mara mbili ya wa kwanza. Hiyo inatokea nusu ya ncha zote zikiwa zimekatika. Mwenye zote mbili ni nusu ya nusu, robo. Asiye na kitu, vilevile robo. Wa kati, nusu." Akaandika, akageuka, akachukua ripoti, akaweka kidole juu ya vilima vyetu. "Na ndivyo tulivyompata. Hatukujua ni kwa nini. Sasa najua."

Mzee alitazama ubao, akatazama vilima, akafunga ripoti. "Umejua sasa hivi?"

"Ndiyo, bwana. Samahani kwa kuchelewa."

Tukaambiwa tutoke. Tukasimama kwenye korido. Mwenzangu alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi. Baada ya muda Daktari akatoka, akavua koti, nilikuwa sijawahi kuona mikono yake, akalitundika begani.

"Wewe," akamwambia Mwenzangu, "ule mluzi umenizeesha. Jumatatu uje usafishe meza yako. Mtu anayehitimu haachi meza chafu."

Ilichukua muda neno hilo kuingia. Mtu anayehitimu. Mimi nilipiga ukelele, wa kijijini kabisa, milango ikafunguka. Mwenzangu alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akalia waziwazi bila kujificha uso, nami nikakaa karibu naye nikalia pia, tukapokezana kitambaa changu.

"Basi inuka," nikamwambia, "tupitie Kabiria ubadilishe nguo, halafu twende kwetu mama akulishe."

Hakuinuka. Akaanza kutazama viatu vyake.

"Kabiria sina kitu," akasema. "Chumba nilirudisha jana. Sanduku nimelituma nyumbani na jirani, sasa hivi liko njiani, Eldoret huko."

Sikuelewa. Nilimtazama, suruali aliyovaa, shati alilovaa, ripoti mkononi. Wiki yote ile alikuwa anacheka, anakula kwa mama, anabishana na mimi juu ya mstari, na kumbe alikuwa ameshajihesabu ameondoka.

"Yaani ungeanguka leo, ungetoka hapa moja kwa moja mpaka kwenye basi?"

"Ndiyo."

"Bila kuniaga?"

"Kukuaga ndiko ningeshindwa, dada," akasema. "Hiyo ndiyo ilifanya nitume sanduku kwanza, nikianguka nisikawie."

Nilimpiga na ripoti mpaka karatasi zikatoka, zikatawanyika korido nzima. Halafu tukazikusanya pamoja, kwa magoti, tukaenda kituo cha basi la Woodley.